Ubeti Umeisha, Mikono Bado Iko Njiani: Kurekebisha Nyimbo za Ibada kwa Waumini Viziwi

"Mimi ni mwalimu wa kwaya. Tuna waumini viziwi kumi na mmoja na mkalimani mmoja wa lugha ya alama anayejitolea. Nyimbo zetu za sifa zinamshinda: ubeti ukiisha, yeye bado yuko mshororo wa pili. Nimepunguza mwendo, lakini kwaya inalalamika kwamba wimbo umepoa, na viziwi wenyewe bado wanatazama sakafu. Je, nipunguze zaidi, nifupishe mishororo, au niwaonyeshe maneno kwenye skrini?"

Rudisha mwendo wako wa zamani, Mwalimu, au ukaribie. Kupunguza kasi ndiyo dawa ambayo karibu kila mwalimu wa kwaya huanza nayo, nami nilianza nayo, lakini huponya kidogo na huharibu kingi. Mkalimani wako anachelewa kwa sababu mbili ambazo hazihusiani sana na kasi ya ngoma. Ya kwanza ni kwamba anaufasiri wimbo huku akiusikia. Ya pili, kama nadhani sawasawa, ni kwamba anajaribu kutoa alama moja kwa kila neno la Kiswahili. Ukiziondoa hizo mbili, tatizo la kasi litabaki dogo, nalo litatibiwa kwa njia nyingine kabisa.

Nianze na ile ya kwanza. Mkalimani anayefasiri mahubiri hukaa nyuma ya msemaji kwa sekunde chache, kwa kawaida mbili hadi nne, kwa kuwa ni lazima asikie wazo likamilike kabla ya kulitia mikononi. Katika mahubiri hilo halina madhara, kwa sababu mhubiri hupumua, hurudia na hutafuta neno. Wimbo hausubiri. Ikiwa mshororo unachukua sekunde mbili na nusu na mkalimani yuko nyuma kwa sekunde tatu, basi yuko nyuma kwa mshororo mzima hata kabla hajakosea chochote. Kwaya inapofika kwenye "Amina" yeye ana deni la mshororo, na analilipa kwa kuruka maneno ya mwisho. Uzuri ni kwamba maneno ya wimbo yanajulikana tangu mapema. Mpe maneno wiki mbili kabla pamoja na sauti iliyorekodiwa, aandae tafsiri, aikariri, kisha siku ya ibada aimbe kwa mikono kutoka kichwani, akianza mshororo pamoja na kwaya. Mwimbaji wa sauti ya pili hafasiri sauti ya kwanza, anaujua wimbo. Mkalimani naye aujue.

Sababu ya pili inahitaji maelezo marefu zaidi, na hapo ndipo jibu la swali lako kuhusu urefu wa mishororo lilipo. Alama moja ya mkono huchukua muda mrefu kuliko neno moja la mdomo, kwa sababu mkono ni kiungo kikubwa kinachosafiri umbali mrefu, ilhali ulimi husogea kidogo tu. Mwaka 1972 Ursula Bellugi na Susan Fischer walichapisha ulinganisho wa Kiingereza na Lugha ya Alama ya Marekani kwa watu waliozimudu lugha zote mbili, wakaona kwamba alama moja ilichukua takriban muda wa maneno mawili. Lakini waliona jambo lingine ambalo watu husahau kulitaja: habari ileile ilisimuliwa kwa takriban muda uleule katika lugha zote mbili. Inawezekanaje? Lugha ya alama haipangi mambo yote katika foleni. Wakati mkono unasema "tembea", mwelekeo wa mkono unasema nani anamwendea nani, uso unasema kwa furaha au kwa mashaka, na kichwa kinaweza kuwa kinakanusha. Anayefuata maneno moja moja hupata ule upungufu wa kasi bila kupata fidia yake. Ana Kiswahili kilichovalishwa mikono, ambacho ni polepole kuliko Kiswahili na si wazi kama lugha ya alama.

Hapa Mswahili ana bahati ambayo wengi hawaioni. Chukua neno "ananitazama". Lina mtendaji, wakati, mtendwa na kitenzi, vyote ndani ya neno moja. Vitenzi vingi vya lugha za alama hujengwa kwa namna inayokaribiana na hiyo: mkono unaanzia mahali alipowekwa mtendaji na kuishia mahali alipo mtendwa, na mwendo wenyewe ndio kitenzi. Mkalimani anayetoa alama ya "yeye", kisha "tazama", kisha "mimi" ametumia alama tatu kwa jambo ambalo Kiswahili chenyewe kililisema kwa neno moja, na ambalo mkono ungelisema kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo unapochagua au kutunga mishororo, tafuta vitenzi vya namna hii, yaani vile vyenye mtu anayetenda na mtu anayetendewa, kama kutazama, kupa, kushika, kuita na kusaidia. Sauti inavibeba vizuri, na mikono inavibeba vizuri vilevile. Si kila kitenzi hubadilisha mwelekeo katika kila lugha ya alama, kwa hiyo orodha ya mwisho wataitoa viziwi wako.

Sasa tushike ubeti mmoja tuupime. Nimetunga huu kwa ajili ya mfano, kwa mizani nane kila mshororo:

Bwana amenikumbuka,
Sitaogopa gizani;
Mkonowe wanishika
Hata nikwame njiani.

Tuseme unaimbwa kwa mapigo 100 kwa dakika, na kila pigo linabeba silabi mbili. Mshororo mmoja ni mapigo manne, yaani sekunde 2.4, na ubeti mzima ni sekunde 9.6. Ukifasiriwa neno kwa neno, utapata mfululizo wa namna hii: BWANA, KUMBUKA, MIMI; MIMI, OGOPA, HAPANA, GIZA; MKONO, YAKE, SHIKA, MIMI; HATA, MIMI, KWAMA, NJIA. Hizo ni alama 15, karibu nne kwa kila mshororo wa sekunde 2.4, au tuseme sekunde 0.64 kwa kila alama. Mtu anayeongea kwa alama barazani anaiweza kasi hiyo bila shida. Lakini mtu anayeimba, anayetaka alama kubwa zionekane hadi kiti cha nyuma, na ambaye anataka watu kumi waende pamoja naye, anahitaji sekunde moja hivi kwa kila alama. Kasi ikizidi hapo, mikono huanza kusinyaa kuelekea kifuani, uso hukauka, na alama ya mwisho ya mshororo humezwa. Hizo ndizo dalili tatu za kumtazamia mkalimani wako, na utaziona hata kama hujui alama hata moja.

Angalia basi kupunguza mwendo kunakupa nini. Ukishuka kutoka mapigo 100 hadi 84, ambayo ni tofauti kubwa kiasi kwamba kila mwanakwaya ataihisi kifuani, mshororo unakuwa sekunde 2.9 hivi. Umepata nusu sekunde kwa mshororo, tena imesambazwa kidogo kidogo katikati ya silabi, mahali ambapo mikono haiihitaji. Kwaya imepoteza uchangamfu, nawe hujanunua hata alama moja kamili. Ndiyo maana wimbo umepoa na viziwi hawakufaidika.

Mikono inahitaji muda mwishoni mwa wazo. Katika lugha ya alama, mwisho wa mshororo husikika kwa macho pale mkono unapotulia mahali pake kidogo kabla ya kuanza safari nyingine. Pumziko hilo ni sawa na kina cha shairi. Clayton Valli, mshairi kiziwi na mwanaisimu wa Marekani, alieleza kwamba mashairi ya alama yana mishororo na vina vyake, vinavyotokana na kurudiwa kwa umbo la kiganja, mwendo au mahali. Mwimbaji wa alama asipopewa nafasi ya kutulia, mishororo yake inaungana kuwa kamba moja isiyo na fundo, na mtazamaji hajui wazo liliishia wapi. Kwa hiyo badala ya kupunguza mwendo, acha kwaya iimbe kwa mapigo 100 yaleyale, kisha mwishoni mwa mshororo wa pili na mwishoni mwa mshororo wa nne waachie kinanda na ngoma mapigo manne bila maneno. Ubeti umetoka sekunde 9.6 hadi sekunde 14.4. Umepata karibu sekunde tano, zote mahali zinapotakiwa, na hakuna mwanakwaya atakayelalamika, kwa sababu wapiga vyombo wanapenda nafasi kama hizo na waimbaji wanapata pumzi. Nashauri mapigo manne kamili na si mawili, ili mzunguko wa ngoma usikatike ambapo waumini wamezoea kupiga makofi.

Hata hivyo nafasi peke yake haitoshi, kwa sababu ubeti huu una kasoro nyingine mbili ambazo ni za maana na mpangilio.

Kasoro ya kwanza ni lile neno "amenikumbuka". Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwahi kulitia katika wimbo kama lilivyo, kwa alama ya kukumbuka inayotumika mtu anapokumbuka funguo alizoziacha. Baada ya ibada mzee mmoja kiziwi alinijia, akaniuliza kwa alama, kwa utulivu kabisa: Bwana alikuwa amenisahau lini? Sikuwa na jibu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, "Bwana amenikumbuka" maana yake ni kwamba amenijali, amenitendea, na hakuna anayefikiria usahaulifu. Alama niliyochagua ilibeba usahaulifu ndani yake. Tangu siku hiyo sifasiri kitenzi kabla sijajiuliza kinachotendeka ni nini hasa. Katika mshororo ule kinachotendeka ni kwamba aliye juu anamgeukia aliye chini, basi alama inayofaa ni ya kutazama, ikianzia juu, ikishuka hadi kwa mwimbaji.

Kasoro ya pili ni mpangilio. Kiswahili hakioni tabu kusema kwanza "sitaogopa" halafu "gizani", wala kutaja mkono unaoshika kabla ya kutaja kukwama. Mikono kwa kawaida hupendelea kuweka mandhari kwanza: hapa pana njia, pana giza, mtu anatembea, amekwama. Baada ya hapo ndipo matendo yanaingia ndani ya mandhari hayo. Mkalimani akiufuata mpangilio wa Kiswahili, anamtoa mtu mahali ambapo hajamweka bado. Akiufuata mpangilio wa alama, anaonyesha giza wakati kwaya inaimba kumbukumbu, na wale wanaosikia na kuona pia, ambao ni pamoja na ndugu na watoto wa viziwi, wanachanganyikiwa. Mara nyingi suluhisho safi ni kuyabadilisha maneno ya Kiswahili yenyewe, ili sauti na mikono vipite njia moja. Ubeti wetu nimeuandika upya hivi:

Njia yangu ina giza,
Nimekwama safarini;
Bwana ananitazama,
Anishika, siogopi.

Mizani ni zilezile nane, kwa hiyo tuni haijaguswa. Vina vimelegea, hilo nakiri, na mshairi wa kweli angeweza kuvirekebisha kwa jioni moja. Lakini tazama mikono. Mshororo wa kwanza una NJIA, ikichorwa mbele ya mwimbaji, na GIZA ikiifunika njia hiyohiyo. Wa pili una mtu anayetembea juu ya njia ile, kisha KWAMA. Hapo ala zinaingia kwa mapigo manne, na mwimbaji anabaki amekwama, macho yake yakitafuta njia kulia na kushoto. Wa tatu una BWANA, akiwekwa juu upande mmoja, na TAZAMA ikishuka kutoka pale pale. Wa nne una SHIKA, mkono mmoja ukitoka juu na kuukamata mwingine, kisha OGOPA huku kichwa kikikanusha. Ala zinaingia tena, na safari hii mkono ulioshikwa unabaki umeshikwa kwa mapigo yote manne huku uso ukitoka kwenye hofu kwenda kwenye utulivu. Hizo ni alama nane badala ya 15, mbili kwa kila mshororo, na kila moja ina sekunde 1.2. Katika lugha nyingi za alama kutikisa kichwa kunatosha kukanusha. Ikiwa yenu inadai na alama ya mkono, mshororo wa nne utakuwa na alama tatu, nao bado utaenea kwa sababu mapigo manne ya ala yanaufuata.

Sikiliza pia giza linavyobadilika likivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kwa anayesikia, giza ni mahali pa kutoona. Kwa kiziwi ni mahali ambapo mazungumzo hukatika, kwa sababu mikono haionekani, na pia mahali ambapo hajui nani yuko karibu mpaka aguswe. "Anishika" katika giza, kwake, ni zaidi ya kufarijiwa. Ndiyo njia pekee ya kujua kwamba hayuko peke yake. Ubeti huu una nguvu zaidi kwa mikono kuliko kwa sauti, na hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani pale wimbo unapochaguliwa vizuri.

Kanuni ninayotumia, basi, ni kuhesabu mizani ya mikono kama unavyohesabu mizani ya sauti. Mshororo wa sekunde mbili na nusu ubebe alama mbili, wa sekunde nne ubebe tatu au nne, na wazo moja lisigawanywe kati ya mishororo miwili isipokuwa kuna sababu. Nyimbo ambazo kila mshororo una orodha, kwa mfano majina sita ya sifa yaliyofululizwa, huwa mbaya sana kwa alama hata zikiimbwa taratibu. Chagua mawili kati ya hayo majina sita, uyape nafasi, na yaliyobaki uyaachie sauti. Kiziwi hajaibiwa kitu hapo. Amepewa mawili yanayoonekana badala ya sita yenye ukungu.

Nyimbo za polepole zina ugonjwa wa kinyume, nao hautajwi mara nyingi. Sauti inaweza kuivuta "Amina" kwa mapigo manane na ikaendelea kuwa hai, kwa sababu pumzi inatetemeka na sauti nyingine zinajibizana chini yake. Mkono uliosimama hewani kwa mapigo manane unageuka sanamu. Mweleze mkalimani wako kwamba noti ndefu inajazwa kwa mwendo mrefu, si kwa mkono ulioganda: alama ianze chini, ipande taratibu, ifike mwisho wake pale kwaya inapokata sauti. Hili linahitaji kufanyiwa mazoezi mbele ya kioo, kwa kuwa wengi huimaliza alama katika pigo la kwanza halafu hawajui waipeleke wapi.

Kiitikio ndicho mahali pa kuwaingiza viziwi wote kumi na mmoja na, Mungu akipenda, kanisa zima. Ule utaratibu wetu wa mwimbishaji kutoa na watu kuitikia unafaa kwa alama kuliko mtindo wowote mwingine, kwa sababu watu wanaona kwanza kisha wanarudia. Kiitikio kisizidi alama nne au tano, kirudiwe bila kubadilishwa, na kama unataka kipae katika marudio ya mwisho, ongeza ukubwa wa alama badala ya kuongeza alama mpya. Ikiwa kwaya yako ina mahali ambapo besi wanaimba maneno yao na soprano yao, amua mapema mikono inafuata sauti ipi, na uandike uamuzi huo. Mkalimani anayerukaruka kati ya sauti mbili hafuati hata moja.

Nani aongoze mikono? Ukiweza, awe kiziwi. Mpange hivi: kiziwi anayeongoza anasimama mbele akiwatazama waumini, na mkalimani anayesikia anakaa mstari wa mbele akimtazama yeye, akimpa mwanzo wa kila mshororo na mwisho wa kila pumziko kwa kichwa na kwa mkono mdogo. Waumini wanaona lugha ya mtu aliyeizoea tangu utotoni, na mkalimani anabaki na kazi anayoiweza vyema zaidi, ambayo ni kusikia. Usitegemee ngoma iwaweke viziwi pamoja. Mtikisiko wa ngoma kubwa hupita vizuri kwenye sakafu ya mbao, na baadhi ya viziwi huufurahia sana, lakini sakafu ya zege hupitisha kidogo, na kuna ambao hawauhisi kabisa. Macho kwa kiongozi ndiyo yanayolinda umoja. Wala usiongeze sauti ya spika kwa ajili yao. Wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia hupata mlio uliochafuka, na kila mtu mwingine hupata maumivu ya masikio.

Kuhusu macho kutazama sakafu, kabla hujalaumu wimbo, nenda ukakae kwenye viti vyao. Mara nyingi mkalimani amesimama mbele ya dirisha, mikono yake ikawa kivuli, au amevaa nguo ya maua ambayo vidole vinapotelea ndani yake, au wapiga picha wanapita mbele yake. Ukuta mtupu nyuma yake, mwanga kutoka mbele, nguo ya rangi moja inayotofautiana na rangi ya ngozi yake, basi. Hayo hurekebishwa kwa asubuhi moja.

Skrini nayo iache iwepo, lakini usiihesabu kuwa jibu. Mtu hawezi kusoma maneno na kutazama mikono kwa wakati mmoja. Anachagua, na kila anapohama anapoteza kipande. Kwa wengi waliozaliwa viziwi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na ushairi wenye mikato ya aina ya "mkonowe" ni mgumu kuliko barua ya kawaida. Skrini inawasaidia kweli waliopoteza usikivu ukubwani, ambao Kiswahili ndicho lugha yao na huenda alama hawazijui kabisa. Ukiwa nao, weka maneno karibu na kichwa cha anayeongoza, upande uleule, ili jicho lisisafiri mbali.

Chaguo lako la kweli, kwa hiyo, ni kati ya mambo matatu. Unaweza kuuacha wimbo kama ulivyo na mkalimani akatoa muhtasari wa kila ubeti. Hili ni la haki kwa nyimbo za mgeni au za ghafla, lakini viziwi watakuwa watazamaji, si waimbaji. Unaweza kuurekebisha kama tulivyofanya hapo juu, jambo ambalo litakugharimu kama mazoezi mawili au matatu kwa wimbo, na ruhusa ya mtunzi ikiwa maneno yana mwenyewe. Au unaweza kuanza upande wa pili: viziwi watunge kwa alama, wewe utafute tuni na maneno ya kufuata mikono yao. Hili la tatu ni gumu zaidi kwa mwalimu wa kwaya, kwa sababu tuni inalazimika kuinama, na si kila kwaya ina subira hiyo. Mimi ningeanza na la pili kwa nyimbo tatu tu, zile zinazoimbwa kila juma, na ningeacha nyingine zote kwa muhtasari mpaka hizo tatu zikae.

Kipimo cha kujua kama zimekaa ni rahisi. Rekodi wimbo kwa video, zima sauti, mpe kiziwi ambaye hakuwapo kwenye mazoezi, kisha umwombe akusimulie alichokiona. Akisimulia mtu aliyekwama gizani akashikwa mkono, umefaulu. Akikutajia maneno moja moja kama anayesoma orodha, au akisema tu "ni wimbo wa Mungu", rudini mezani. Usimwulize kama ni nzuri, kwa kuwa atasema ni nzuri kwa adabu.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Alama zenyewe lazima zitoke kwa viziwi wa hapo mlipo, kwa sababu karibu kila nchi ina lugha yake ya alama na video unazozikuta mtandaoni mara nyingi ni za Marekani. Ukiziiga, utakuwa umewaimbia waumini wako kwa lugha ya ugenini. Chama cha viziwi cha nchi yenu kitakuelekeza kwa mtu anayefundisha. Alama za mambo ya imani, kama Roho, neema na ukombozi, zikae mezani pamoja na mchungaji na viziwi wenyewe kabla hazijaimbwa, kwa kuwa kila alama inachukua msimamo kuhusu maana. Na huyo mkalimani wako mmoja, muulize leo kama mabega au vifundo vya mikono vinamuuma baada ya ibada. Kazi hii kwa kawaida hubadilishana watu kila dakika 20 au 30, naye anaibeba ibada nzima peke yake. Akisema vidole vinakufa ganzi, aende kwa daktari wiki hii, na Jumapili ijayo nyimbo ziongozwe na mmoja wa wale kumi na mmoja.